Ankara ya Upasuaji Isomwe Kabla ya Kulipwa

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji huambiwa mambo mengi siku ya kuruhusiwa: tarehe ya kutoa nyuzi, namna ya kumeza dawa, siku ya kurudi kliniki. Kuhusu gharama, mara nyingi huambiwa jambo moja tu, nalo ni jumla. Maoni yangu ni kwamba jumla pekee haitoshi. Mgonjwa anastahili ankara yenye mchanganuo, yaani inayotaja kila huduma, idadi yake na bei yake. Na asipoweza kulipa kwa mkupuo, anastahili makubaliano ya maandishi ya kulipa kwa awamu. Mambo haya mawili yafuatane kwa mpangilio huo, kwa kuwa si haki kumpangia mtu awamu za deni ambalo halijahakikiwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima wa mpunga wa bonde la Kilombero amevunjika mfupa wa paja kwa ajali ya pikipiki mwezi Januari, naye hana bima. Amefungwa bamba la chuma, amelazwa siku 12, na jumla aliyopewa ni shilingi 2,640,000. Mwanawe anakwenda dirisha la uhasibu na kusema: "Shikamoo, mama. Naomba ankara ya baba yenye mchanganuo wa kila huduma, tuisome kabla ya kulipa." Ombi hilo halimlaumu mtu yeyote. Linalotakiwa ni kuchapishwa kwa kumbukumbu ambazo hospitali tayari inazo.

Mchanganuo unasema hivi: upasuaji pamoja na dawa za usingizi, 600,000; bamba, 500,000; skrubu 9 kwa 40,000 kila moja, 360,000; vifaa vya chumba cha upasuaji, 140,000; kitanda siku 12, 240,000; vipimo na eksirei, 260,000; dawa, 420,000; mazoezi ya viungo, 120,000.

Ankara hii haihakikiwi kwa kubishana. Huhakikiwa kwa kuilinganisha na faili, na hapo ndipo muuguzi wa wodi na daktari wanapohitajika. Taarifa ya upasuaji hutaja vipandikizi vilivyowekwa. Katika mfano wetu imeandikwa skrubu 8, na eksirei iliyopigwa baada ya upasuaji inaonyesha 8. Huenda ya tisa ilifunguliwa ikaanguka, isiweze kutumika tena. Kama ni hivyo, ielezwe na iandikwe. Kama sivyo, iondolewe. Vifaa vya chumba cha upasuaji, yaani glavu, pamba, nyuzi na bandeji, navyo vichunguzwe, kwa kuwa katika baadhi ya hospitali ada ya upasuaji huwa imekwisha kuvijumuisha. Orodha ya bei ya hospitali ndiyo itakayoamua. Kwa mkulima wetu, orodha inaonyesha kuwa vimejumuishwa. Basi 140,000 imetozwa mara mbili.

Penye makosa mengi zaidi ni dawa. Daktari huandika sindano za siku saba, famasi huzitoa na mfumo huzitoza zote siku hiyohiyo. Siku ya nne mgonjwa anahamishiwa kwenye vidonge, sindano zilizobaki zinarudishwa au zinasahaulika kabatini, lakini ankara haibadiliki. Karatasi ya dawa ambayo muuguzi hutia sahihi kila anapompa mgonjwa dozi ndiyo shahidi. Hapa inaonyesha kwamba dozi 6 za shilingi 15,000 hazikutolewa, yaani 90,000. Vivyo hivyo kipimo kilichoagizwa kikaahirishwa, au dawa ambayo ndugu waliinunua nje kwa sababu haikuwapo, haipaswi kubaki kwenye ankara.

Baada ya marekebisho hayo matatu, 270,000 zimeondoka na jumla ni 2,370,000. Familia ilikwisha kutoa amana ya 700,000 kabla ya upasuaji. Wahakikishe kwamba imeingizwa. Deni halisi ni 1,670,000. Hakuna aliyesamehewa kitu hapa: hospitali imedai kilicho chake.

Sasa ndipo yaje mazungumzo ya awamu, na yasingoje siku ya kuruhusiwa. Mgonjwa aliyekwisha kuruhusiwa na daktari akabaki kitandani akisubiri fedha huzidi kuhesabiwa siku za kitanda, na deni hukua pasipo tiba yoyote. Siku ya tatu au ya nne baada ya upasuaji, hali ikiwa imetulia, ndugu waombe ankara ya muda na wamwone afisa ustawi wa jamii. Huyo ndiye anayepokea maombi ya wasio na uwezo. Aelezwe ukweli, maana msamaha na awamu ni njia mbili tofauti: msamaha ni wa asiye na chochote, awamu ni za mwenye kipato kisichofika leo.

Mpango mzuri hufuata kalenda ya kipato, na hapa tabibu ana neno la kusema. Mfupa wa paja huhitaji kwa kawaida miezi minne hadi sita kuunga. Mkulima huyu hatashika jembe msimu huu. Kumwandikia awamu sawa kila mwezi ni kuandika ahadi itakayovunjika. Familia ikitoa 370,000 siku ya kutoka, kisha 60,000 kila mwezi kuanzia Februari hadi Juni kutokana na genge la mkewe, kisha 500,000 Julai na 500,000 Agosti baada ya wanawe kuvuna mpunga, deni lote la 1,670,000 linakwisha.

Makubaliano yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote mbili, na kila upande ubaki na nakala. Yataje deni, tarehe na kiasi cha kila awamu, mtu wa kuarifiwa mavuno yakichelewa, na sharti moja ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote: kwamba deni halitamzuia mgonjwa kuhudhuria kliniki. Mwenye deni huogopa kurudi. Kidonda kinachotoa usaha wiki ya tatu huachwa nyumbani, na bamba lililolegea hugunduliwa mguu ukiwa umekwisha kupinda. Gharama ya upasuaji wa pili huwa kubwa kuliko awamu zote zilizokuwa zikikimbiwa.

Katika hospitali za serikali, kila awamu ilipwe kwa namba ya malipo iliyotolewa kwa kiasi hicho, kwa kuwa namba nyingine hukubali kiasi kamili tu na nyingine huisha muda. Fedha zisiwekwe mkononi mwa mtumishi wala kwenye simu yake binafsi. Risiti zitunzwe pamoja na kadi ya kliniki.

Wahasibu watasema kwamba wengi wakishatoka hawarudi kulipa. Hofu hiyo si ya bure. Bamba lile lilinunuliwa, na hospitali nayo inadaiwa. Lakini kumzuia mgonjwa wodini hakuzai fedha. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua, katika shauri lililohusu Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, kwamba kuwazuia akina mama kwa sababu ya ankara kulivunja haki zao. Uamuzi huo haufungi mahakama za Tanzania, ila hoja yake inaeleweka popote: deni hudaiwa kama madeni mengine. Anayejua anadaiwa nini, kwa nini, na lini atalipa, ndiye mdaiwa ambaye mhasibu anaweza kumpigia simu mwezi Julai akapokea.

Kwa hiyo mapendekezo yangu kwa hospitali ni mawili. Ankara yenye mchanganuo itolewe kwa kila mgonjwa wa upasuaji saa 24 kabla ya kuruhusiwa, bila kuombwa. Na muuguzi wa wodi apewe dakika kumi za kuilinganisha na karatasi ya dawa na taarifa ya upasuaji kabla haijamfikia mgonjwa.