Lori halijafika, au halikufika?

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Sasa tuangalie kinachosahihishwa daftarini.

Chukua aya fupi ya Kiingereza ambayo mwanafunzi wa Kinyamaseke angepewa kutafsiri: lori la mzigo wa kahawa linasubiriwa Mpondwe, na mnunuzi atalipa baada ya kufika. Mwanafunzi anaandika: “Lori haikufika. Ikifika, mnunuzi atalipa.” Mwalimu anaweka alama nyekundu kwenye “hai-”, anaandika “hali-”, kwa kuwa ni lori, malori. Ni sahihi, ila kosa kubwa limempita. “Halikufika” humwambia mnunuzi kwamba safari ile imeshindikana; atatafuta kahawa kwingine. “Halijafika” humwambia asubiri.

Halafu kuna ile “ikifika”. Kiingereza kina neno moja kwa lori na kwa mzigo, hivyo msomaji hukisia. Kiswahili hakimruhusu mfasiri kukwepa: “likifika” ni lori, “ukifika” ni mzigo. Lori likiingia tupu, je, mnunuzi analipa? Jibu limo katika silabi moja.

Mtoto anayezungumza Lhukonzo nyumbani ana upatanisho wa ngeli tayari, ingawa viambishi vyake ni vingine. Nadhani mwalimu angeanzia hapo, kisha aulize swali ambalo kila mchuuzi wa Bwera angeliuliza: kilichofika ni nini, na bado tunakingoja?