Picha Haisikii Mguso

Picha ya simu yaweza kumwonyesha mganga rangi na ukubwa wa alama, ukiipiga mchana penye nuru na kuweka sarafu kando yake. Lakini haiwezi kumwambia kama ngozi ile ingali inasikia.

Tuseme mvuvi wa Kalundu ana baka mkononi, limefifia kuliko ngozi yake. Katika picha lafanana na kovu la moto, au alama ya kuzaliwa. Basi na aulizwe: Ulizaliwa nalo? Uliungua lini? Kama lilitokea lenyewe, na aje hospitalini. Mganga atamwambia afumbe macho, atamgusa kwa ncha ya pamba, naye aonyeshe kwa kidole alipoguswa. Baka la namna hii lisilosikia mguso ni dalili kuu ya ukoma. Hata likisikia, mganga atapapasa mshipa wa fahamu kwenye kiwiko, aone kama umevimba.

Dawa za ukoma hutolewa bure, kwa miezi 6 au 12. Lakini mishipa ikiisha kuharibika, vidole hupinda, na mara nyingi dawa haivinyoshi tena. Kwa hiyo nasema: baka lililotokea lenyewe usilitume tu kwa picha, lilete.