Karatasi ya ada isitaje jumla tu

Mimi nafundisha hisabati nyumbani kwa wanafunzi, hapa Dar. Ugomvi wa mwisho wa mwezi mara nyingi hauletwi na bei, unaletwa na vipindi vilivyokosekana. Ukimwandikia mzazi "ada 96,000" bila tarehe, umemwachia ahesabu kwa kumbukumbu zake.

Mimi huandika hivi: "Mama Neema, shikamoo. Mwezi huu tulipanga vipindi 8 kwa shilingi 12,000. Tarehe 9 niliugua mimi, hicho hulipi. Tarehe 16 ulinijulisha jana yake, tukakifidia Jumamosi tarehe 20, kwa hiyo kinahesabiwa. Tarehe 23 nilifika getini nikaambiwa mtoto yuko harusini, hicho kinalipiwa. Jumla vipindi 7, shilingi 84,000."

Hicho cha harusini ndicho kinacholeta maneno. Lakini nauli imekwenda, na saa ile nimeshamnyima mwanafunzi mwingine. Ndiyo maana sharti langu ni taarifa saa 24 kabla. Homa ya ghafla usiku naisamehe, sina roho ngumu kiasi hicho.

Kipindi cha fidia kifanyike ndani ya wiki mbili, na kikikosekana kwa upande wa mzazi hakihamishwi tena. Bila kikomo hicho, vipindi vinarundikana hadi wiki ya mitihani, na mtoto hawezi kumeza vipindi vinne kwa siku mbili.

Walimu wenzangu, sharti hili mpeni mzazi kwa maandishi kabla ya kipindi cha kwanza. Ukilitaja siku ya kudai pesa, ataliona la kubuni.