Karamu ya Tulia

Nilipofika Tulia, kule Kitui, mwenye duka mmoja aliniomba "karamu" apate kuniandikia hesabu yangu. Nikamwambia kwa mzaha kwamba mgeni ni mimi, basi karamu aniandalie yeye. Aliinamisha kichwa. Nikaona haya, nikamtaka radhi, tukazungumza.

Sisi wa pwani tumezoea kusema kwamba ulimi wa mtu wa bara ni mzito. Jawabu hilo halitoshi. Kikamba kina l, hakina r. Ulimi mzito ungekosea upande mmoja tu: rafiki awe "lafiki", na barua iwe "balua". Lakini neno kalamu lina l, sauti aliyoipata kwa mamake. Anayeitamka kwa r hakushindwa, ila ameogopa. Mwenyewe aliniambia kuwa utotoni alichekwa kwa "lafiki" yake, na tangu siku hiyo akishuku neno hulitia r. Ndipo kula wali kukawa "kura wari", na mahali pakawa "mahari". Hiyo ndiyo alama ya kosa hili: mtu huiacha sauti aliyo nayo, akaikimbilia ile aonayo kuwa ya kiungwana.

Nasi je? Nyani haoni kundule. Maandishi ya Kiswahili sanifu huandika h katika maneno ambayo Kiarabu hutenga herufi zake. Habari, hatari na hasara asili yake ni khe. Haki, hali na heshima asili yake ni ile he iliyo baina ya jimu na khe. Mtu husikia wazee wakisema "khabari", akadhani kila h ikikwaruzwa ndio usomi, akatutolea "khaki" na "kheshima". Huyu na yule wa Tulia ni ndugu, ila huyu hatumcheki.

Tena mazoea hayo huingia nayo msikitini. Nimesikia kwa masikio yangu "alkhamdu". Hamdu ni sifa njema, lakini kwa khe neno hugeukia maana ya moto kufifia. Mtoto akijifunza hivyo kwa mkubwa wake, ni nani atakayemrudisha?

Dawa si kanuni, kwani kanuni ndiyo iliyoleta maradhi. Wa Tulia na ajifunze maneno kwa jozi: kula na kura, mahali na mahari, kalamu na karamu. Wa pwani na aitazame asili ya neno kabla ya kukwaruza koo, na asipoijua aseme h nyepesi. Asemaye habari kwa h nyepesi hakukosa Kiswahili. Asemaye "khaki" amekosa Kiswahili na Kiarabu pamoja.

Kalamu yangu nilimwachia. Aliipokea akasema, "Asante kwa kalamu," polepole, kwa l yake mwenyewe.