Tetekuwanga ao Mpox? Tuangalie vipele vya pahali pamoja

Katika kambi za wachimbaji na katika nyumba zetu za hapa Marabo, jina moja linamaliza mazungumzo haraka sana: tetekuwanga. Mtoto anatoka vipele, mama jirani anasema: "Hii ni tetekuwanga tu, itaisha yenyewe." Kijana anarudi kutoka chimbo na vipele ku mikono, wenzake wanasema vilevile. Kisha maisha yanaendelea: kitanda kimoja, kikombe kimoja, nguo za kuazimana. Sisi tunaona kwamba jina hilo, kwa mtu mzima zaidi, lisitolewe tena hivi hivi bila kuangalia mwili. Na kuna kitu kimoja cha kuangalia ambacho kila mtu anaweza kukiona kwa macho yake: je, vipele vya pahali pamoja viko vyote katika hatua moja?

Tuseme kwanza hatua ni nini. Kipele cha Mpox hakitokei kikiwa kimekomaa. Kinaanza kama doa jekundu ao jeusi-jeusi lililo sawa na ngozi. Kisha kinainuka, unakigusa kidole kinakisikia. Kisha kinajaa maji meupe. Kisha maji yanageuka kuwa mazito kama usaha, kipele kinakuwa kigumu na cha mviringo, na mara nyingi katikati kinabonyea kama kitovu. Mwisho kinakauka, kinafanya kigaga, na kigaga kinaanguka. Hatua tatu za kwanza zinapita haraka, siku moja ao mbili kila moja. Hatua ya usaha inakawia karibu juma moja, na vigaga vinaweza kukaa juma moja ao mawili. Yote pamoja ni majuma 2 mpaka 4.

Vipele vya tetekuwanga navyo vinapita doa, maji na kigaga, lakini vinakimbia zaidi, na havitoki siku moja. Virusi vyake vinafika kwenye ngozi kwa mafungu: leo fungu moja, kesho fungu lingine, kesho kutwa lingine tena, kwa siku 3 mpaka 5. Ndiyo maana ukiangalia mgongo wa mtoto mwenye tetekuwanga siku ya tatu, mahali panapofunikwa na kiganja kimoja tu, utaona doa jipya, pembeni yake lengelenge la maji, na pembeni tena kigaga kilichokauka. Ni kama familia yenye watoto wa miaka yote. Katika Mpox ya kawaida, virusi vinaanza kazi ndani ya mwili, homa inapanda, halafu vipele vya sehemu moja vinaanza karibu pamoja na kutembea pamoja. Ukiangalia mkono, vyote ni vya maji. Ukirudia nyuma ya siku chache, vyote ni vya usaha. Ni kama watoto wa darasa moja.

Tuchukue mifano miwili, ili mtu asibaki na maneno matupu.

Wa kwanza ni mtoto wa miaka 6. Siku ya kwanza mwili unapata moto kidogo, na siku ileile ao kesho yake vipele vinatoka kifuani na tumboni. Anajikuna usiku kucha. Siku ya tatu mama yake anamuvua shati mchana, kwenye mwangaza, na anaona mgongoni madoa mapya, malengelenge na vigaga vyote vikichanganyika. Vipele ni laini, viko juu-juu ya ngozi. Viganja na nyayo ni safi. Shingoni na kwenye kinena hakuna tezi zilizovimba. Hapa kila kitu kinaelekea tetekuwanga.

Wa pili ni mchimbaji wa miaka 24. Alianza na homa kali, kichwa na mgongo vinamuuma, akafikiri ni malaria. Kwenye kinena mitoki ikavimba. Siku ya tatu vipele vichache vikatoka sehemu za siri, na siku chache baadaye vikafuata usoni na ku mikono. Siku ya kumi, mkono wake wa kuume una vipele kumi na viwili, vyote vigumu, vyote vya usaha, vyote vimebonyea katikati. Viwili viko ndani ya kiganja. Vinauma kuliko kuwasha. Lakini vile vya sehemu za siri vimeshaanza kufanya vigaga.

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Rafiki yake aliyesikia habari ya hatua moja atasema: "Unaona, vingine vigaga, vingine usaha, basi ni tetekuwanga." Hapana. Kanuni haisemi mwili muzima uwe hatua moja. Inasema tulinganishe vipele vya sehemu moja: mkono na mkono wenyewe, uso na uso wenyewe. Mahali virusi vilipoingilia kwanza, vipele vinaweza kutangulia vile vya sehemu zingine kwa siku kadhaa. Ukiangalia mkono wa kijana huyu peke yake, unaona darasa moja. Ukiongeza mitoki, kiganja na homa iliyotangulia vipele, hii si ya kuchezea.

Mfano huu wa mchimbaji hatukuuchagua bure. Mwezi wa 9 wa mwaka 2023, aina mpya ya Mpox ilionekana Kamituga, mji wa zahabu huko Kivu Kusini, mji wenye maisha yanayofanana sana na ya makambi ya Ituri. Watafiti walioandika habari za miezi ya kwanza, mpaka Februari 2024, walihesabu watu 241 walioshukiwa, na 108 kati yao wakathibitishwa na laboratwari. Karibu watu 3 kati ya 10 walikuwa wanawake wanaoishi kwa biashara ya ngono. Wengi walikuwa na vipele sehemu za siri. Wanawake wajawazito walipoteza mimba. Kutoka Kamituga ugonjwa ulifuata njia za wachimbaji na wafanyabiashara, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya hatari kwa dunia nzima. Hali hiyo iliondolewa Septemba 2025, lakini kuondolewa kwa tangazo si kuondoka kwa virusi. Sisi tunakaa kwenye barabara ya Bunia na Komanda. Anayetoka Mongbwalu anapita Bunia, anayetoka Mambasa anapita Komanda, na wote wanalala kwetu.

Tuseme pia wazi mipaka ya alama hii, juu ya mtu anayeipokea kama hirizi itamudanganya. Siku ya kwanza kabisa hata tetekuwanga inaweza kuonekana ya hatua moja, kwa sababu fungu la pili halijatoka bado. Mwishoni, vyote vikiwa vigaga, alama haisemi kitu tena. Inasema vizuri katikati, kwa hiyo mtu aangaliwe leo na aangaliwe tena kesho. Kipele kilichokunwa mpaka kikapasuka kisihesabiwe. Mtu mwenye vipele viwili ao vitatu tu, hakuna cha kulinganisha. Na Mpox ya aina hii mpya inaweza kutoa vipele visivyofuatana vizuri hata pahali pamoja. Tena, mtu anaweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa wakati mmoja: katika mkoa wa Tshuapa, watafiti walikuta hivyo kwa zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi waliokuwa wameshukiwa kuwa na Mpox.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: alama ya hatua moja itumike kumupeleka mtu kwa munganga, isitumike kumurudisha nyumbani. Ukiona darasa moja, nenda leo. Ukiona mchanganyiko kwa mtoto anayecheza na kula, bila mitoki na bila vipele viganjani, una sababu ya kutulia kidogo, lakini muganga amuone pia. Ukiona mchanganyiko kwa mtu mzima anayetoka kariere, usitulie. Neno la mwisho ni la laboratwari. Muganga anasugua kipele kwa kijiti chenye pamba, ao anachukua kigaga, anakifunga vizuri na kukituma. Damu peke yake haitoshi.

Kuna watu watatujibu: "Sisi si waganga, mutuache." Ni kweli, hatutoi dawa. Lakini mtu wa kwanza kuona mgongo wa mtoto ni mama yake, na mtu wa kwanza kuona mikono ya mchimbaji ni yule wanayeshika naye mpini mmoja. Hao wakikosea jina, muganga atamupata mgonjwa wakati ameshalala na watu kumi.

Na kwa mapedeje wa mashimo tuna neno moja gumu. Tunajua mchimbaji anaficha vipele sababu gani. Akivionyesha, anafukuzwa siku ileile, bila sehemu yake ya mchanga na bila chakula. Basi anavaa mikono mirefu na kusema ni tetekuwanga. Ao anafukuzwa kweli, anapanda motari na kupeleka ugonjwa kwa mke na watoto, ao kwenye shimo lingine wasipomujua. Kumufukuza hakulindi timu. Kinacholinda ni chumba chake peke yake, matandiko yake, sahani yake, mtu mmoja wa kumuletea chakula, na sehemu yake kuhifadhiwa mpaka vigaga vyote vianguke na ngozi mpya ionekane chini yake. Hayo ni majuma matatu ao manne. Shimo likifungwa juu ya timu nzima kulala, hasara ni kubwa kuliko hiyo.

Kwa waganga wa vituo nao tunaomba kitu kimoja. Mtu mzima akija na vipele, asiandikiwe tetekuwanga akiwa bado amevaa nguo zote. Aulizwe kwa heshima, mlango ukiwa umefungwa, kama kuna vipele sehemu za siri. Viganja vyake vigeuzwe, kinena chake kiguswe, na mkono mmoja uangaliwe kwenye mwangaza, kipele kwa kipele. Kazi hiyo inachukua dakika tano.