Kalemie: Marashi yauzwe kama marashi, si kama dawa

Kwa mama aliyekimbia vita na kufika Kalemie mikono mitupu, kuchanganya na kuuza marashi ya mafuta ni kazi inayoweza kuanza na chupa chache tu. Haihitaji shamba wala mashine. Lakini ni bidhaa inayopakwa kwenye ngozi ya mtu, na hapo ndipo wauzaji wengi wanakosea: wanapima kwa pua, na wanauza kwa maneno matamu.

Mafuta ya harufu yanayotokana na karafuu, mchaichai au lavenda ni makali sana yakiwa peke yake. Kusema "ni ya asili" hakuondoi ukali huo. Lazima yazimuliwe ndani ya mafuta laini kama ya nazi au ufuta. Mawese mekundu hayafai, kwa sababu yanatia doa kwenye nguo. Na maji yasiongezwe kabisa: hayachanganyiki na mafuta, kwa hiyo mteja anaweza kujimwagia harufu kali iliyoelea juu.

Kwa marashi ya kupaka mwilini, kipimo cha tahadhari ni asilimia 2 ya harufu. Tuseme mama anatengeneza mililita 100. Anachukua mililita 98 za mafuta ya nazi, halafu mililita 2 za harufu: lavenda 1.1, mchaichai 0.5 na karafuu 0.4. Kwa nini karafuu ni kidogo hivyo? Kwa sababu wataalamu wanashauri isizidi asilimia 0.5 ya mchanganyiko wote, na mchaichai usizidi 0.7. Ukizidisha, ngozi ya mtu inaweza kuikataa harufu hiyo, na ikishaikataa, huenda ikaikataa maisha yote.

Vipimo hivyo vichukuliwe kwa bomba dogo la sindano lisilo na ncha, lililo jipya. Kuhesabu matone kunadanganya. Mililita moja ina karibu matone 20, lakini tone la chupa moja si sawa na la nyingine. Katika chupa ya mililita 10, tone moja la karafuu tayari linafikia mpaka. La pili limeuvuka. Ndiyo maana ni salama zaidi kutengeneza mililita 100 kwa pamoja, kisha kugawa katika chupa 10 ndogo.

Mafuta yaliyokamuliwa kwenye maganda ya ndimu yana hatari yake. Mtu akiyapaka kisha akashinda juani, kama wavuvi wetu wa ziwani, ngozi inaweza kuungua na kubaki na madoa meusi. Anayeanza biashara ayaache. Vilevile harufu ya sokoni isiyoandikwa imetengenezwa na nini haina kipimo kinachoweza kuaminiwa.

Kabla ya kuuza, mchanganyiko ujaribiwe kwa mtu mzima aliyekubali. Apakwe kidogo ndani ya mkono na kusubiri siku mbili. Akiwashwa, akiwa mwekundu au akitoka malengelenge, aoshe kwa sabuni, na mchanganyiko huo usiuzwe. Watoto wachanga wasipakwe marashi haya.

Kisha kuna karatasi ya chupani. Iandikwe jina la marashi, kila kilichomo, kiasi, tarehe ya kuchanganya, namba ya mchanganyiko, simu ya mtengenezaji, na onyo: "Kwa ngozi tu. Usipake machoni wala kwenye kidonda. Weka mbali na watoto." Kiswahili kitangulie, Kifaransa kifuate. Ifunikwe na skochi, maana mafuta hufuta wino. Namba ile si pambo. Mteja mmoja akirudi na vipele, mama anafungua daftari lake, anajua ni chupa zipi 10 zilizotoka pamoja, na anazirudisha zote.

Jambo gumu zaidi ni ulimi. Muuzaji anayesema marashi yake "yanafukuza mbu usiku kucha" au "yanaponya vidonda" atauza haraka kuliko jirani yake. Lakini harufu ya mchaichai huwasumbua mbu kwa muda mfupi tu, kisha inapotea, na usiku ni mrefu. Familia iliyo kambini ikimwamini, ikauza chandarua na kubaki na chupa, mtoto ndiye atakayelipa kwa malaria. Na mwenye kidonda atachelewa kwenda kituo cha afya.

Aseme yale anayoyajua: yananukia hivi, yamechanganywa siku hii, yana vitu hivi. Mafuta yakianza kunuka kuchacha, ayatupe, hata kama pesa inauma. Mteja aliyenunua harufu nzuri akapata harufu nzuri atarudi. Aliyenunua kinga ya malaria akauguza mtoto hatarudi, na majirani wote wa kambi watajua sababu.