Barua Kwa Baba Aliyetangulia

Kijana wa miaka 15 alitujia baada ya Alasiri, akiuliza kama yafaa kumwachia marehemu baba yake barua kaburini. Hatukumkatalia, lakini tulimwongoza.

Tulimwambia aiandike peke yake, na hata mama yake asiisome. Aeleze aliyokosa kuyasema, pamoja na hasira ya siku waliyogombana. Siri moja tu asiifiche: akijikuta anaandika kwamba atamani kumfuata baba, amweleze mama siku hiyo hiyo.

Mwenyewe alituuliza kuhusu sentensi moja: “Baba, nisaidie nifaulu mtihani.” Tukamfahamisha kuwa haja huombwa kwa Mwenyezi Mungu, si kwa maiti. Aifute, na mahali pake aombe dua kwa ulimi. Aya na majina ya Mola yasiandikwe katika karatasi itakayolowa mvua na kukanyagwa.

Kisha tulimtaarifu msimamizi wa makaburi, maana karatasi iliyokunjwa na kufukiwa makaburini hudhaniwa ni uchawi, na kijana angeweza kuzuliwa neno.

Siku ya Ijumaa aliwasalimia watu wa makaburini, akaisoma barua kimoyomoyo, akaifukia kando, nje ya kaburi, bila mfuko wa plastiki, ili ioze. Halafu akaelekea kibla, akamwombea baba yake.

Wazazi tuwafahamishe watoto tofauti hii: barua humtua mzigo aliyeiandika. Kinachomfaa marehemu ni dua ya mtoto mwema, na hiyo haingoji siku ya kwenda kaburini.